Kiti cha Mungu katika Nchi ya Bayana

Katika nchi ya Bayana meza hazina miguu, misumari haina vichwa na chupa hazina midomo. Mtu akisema mguu wa meza mbele ya ofisa anaandikiwa onyo. Akirudia, anapelekwa shule kwa siku saba, akae na watoto wa darasa la kwanza na kuimba nao kwamba mguu ni kiungo cha mwili cha kutembelea. Mwalimu Sikudhani Mapande alimkuta huko mzee wa miaka sabini, mfinyanzi, magoti yamemfika kidevuni kwa udogo wa dawati, anaimba bila kuinua macho. Alikuwa amesema shingo ya mtungi.

Jinsi Sikudhani alivyofika Bayana si habari. Njia za kwenda huko ni nyingi, na wengi wamefika bila kujua kwamba wamevuka mpaka. Yeye alikuwa mwalimu wa falsafa ya dini katika chuo cha ualimu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mpole, mwenye mazoea ya kufuta ubao vizuri kabla ya kutoka darasani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefundisha mada moja kila muhula wa pili: lugha ya dini, yaani namna binadamu wanavyoweza kusema juu ya Mungu. Wanafunzi walinakili, wakafanya mtihani, wakasahau. Yeye mwenyewe hakuwahi kugombana na mtu kwa ajili ya mada hiyo.

Mwenyeji wake alikuwa Msajili Mkuu wa Maneno, Bwana Dhahiri, mtu wa adabu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Ndiye aliyemweleza asili ya sheria yao. Zamani kijana mmoja aliwaahidi wakwe zake paa. Wakwe wakabomoa makuti ya zamani wakingoja paa la nyumba. Siku ya harusi kijana akaja na paa wa porini, amefungwa kamba miguuni. Mvua ilikuwa inanyesha ndani ya nyumba. Ugomvi uliozuka uliua watu saba, na makaburi yao yapo bado, yamepangwa mstari mmoja karibu na soko. Baada ya hapo wazee wa Bayana waliapa: kila neno na liwe na maana moja, na maana hiyo iandikwe.

Sikudhani alisimama mbele ya yale makaburi. Hakuona cha kucheka. Aliona watu walioumizwa na neno, wakakimbilia mahali ambapo maneno hayawezi kuumiza mtu tena.

Shida ilianza sheria ilipomfikia Mungu.

Sala za kale za Bayana zilisema kwamba mkono wa Mungu umeumba nchi. Katika Daftari Kuu, mkono ni kiungo kuanzia bega mpaka ncha za vidole. Basi mkono wa Mungu ulipimwa, kwa hesabu ya ukubwa wa nchi, ukaandikwa dhiraa mia nne. Sala zilisema Mungu ni mwema. Katika Daftari, mwema ni yule ampaye mtu kinachomstahili, kwa wakati wake. Basi kila jambo linalompata raia huandikiwa hati, na chini ya hati hupigwa mhuri: wema umetolewa. Sala zilisema Mungu anaketi katika kiti chake. Katika Daftari, kuketi ni kukunja magoti na kuweka makalio juu ya kitu. Nchi ikashtuka kuona kwamba kiti hicho hakipo popote. Ndipo serikali ilipoanza kukijenga, na kazi ilikuwa na miaka thelathini na minane Sikudhani alipofika.

Alipelekwa kukiona. Kilikuwa ndani ya ukumbi usio na dari, mbao juu ya mbao, ngazi juu ya ngazi, na kila mwaka kamati ilibishana kama mwenye kukikalia atataka mto wa kuegemea. Upande mmoja ulikuwa haujakamilika. Siku hiyo hapakuwa na mlio wa nyundo. Sikudhani aliuliza kwa nini, na Bwana Dhahiri akasema, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kwa ajili ya jirani, kwamba fundi mkuu alikuwa mahabusu.

Fundi huyo alikuwa mwanamke, Fundi Somoe, mwenye miaka sitini na mbili. Alikuwa amekifanyia kazi kiti kile miaka kumi na mmoja bila malalamiko. Kisha binti yake wa pekee, Tatu, alishikwa na homa, akafa siku ya nne. Ofisa alifika msibani na hati, akaisoma mbele ya waombolezaji, na mwisho akasoma mhuri: wema umetolewa. Fundi Somoe alisimama kutoka mkekani, akasema maneno matatu ambayo watu wote waliyasikia. Alisema Mungu ni mwamba wangu. Akasema Mungu ni mwema, lakini si kwa wema huo wenu. Akasema kiti chenu sikimalizi, kwa sababu Mungu hakai.

Katika Bayana adhabu ya kusema vibaya juu ya Mungu si jela. Ni Kutojibiwa. Aliyehukumiwa huruhusiwa kwenda anakotaka, ila hakuna anayeruhusiwa kumjibu, maisha yake yote. Mtu wa mwisho kupewa adhabu hiyo alikuwa msusi wa mikeka, na kwa mwaka mmoja alizungumza na ukuta wa nyumba yake, mpaka alipokufa.

Bwana Dhahiri alimwomba Sikudhani atoe ushahidi. Mgeni msomi wa maneno, alisema, angeisaidia mahakama, na hakuwa na shaka msomi angesema nini. Sikudhani aliomba kwanza amwone mshtakiwa.

Alimkuta asubuhi katika chumba safi chenye dirisha, ameketi, anaparua ukucha wake kwa kucha nyingine kwa kukosa kazi ya mikono. Baada ya salamu na pole ya msiba, Sikudhani alimwambia kwamba palikuwa na njia ya kumtetea. Ingetosha aseme alikuwa na uchungu na hakujua anachosema.

Fundi Somoe aliacha kuparua ukucha. "Mwalimu, nilikuwa na uchungu, na nilijua ninachosema. Yote mawili."

Kisha akamsimulia. Alipokuwa na miaka sita mto ulifurika, ukachukua nyumba yao. Mama yake alimpandisha juu ya mwamba uliokuwa katikati ya maji, na walikaa pale siku mbili, mgongo wake umegusa jiwe, maji yakipita huku na huku na miti na ng'ombe waliokufa. Jiwe halikutikisika. Tangu hapo, akiomba, neno linalokuja ni hilo. Hakuna aliyemfundisha. Na msiba wa Tatu ulipofika, yale yote aliyosomewa ya Daftari yalipita kama takataka juu ya mto, lakini mgongo wake ulikuwa bado umegusa kitu.

Sikudhani alitoka pale. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa kuhusu mtu huyu bila kumjua.

Mahakama ilikaa mchana, ukumbi umejaa. Hakimu alikuwa Bi Mizani, mwanamke mkavu, mwenye kusikiliza huku amefumba jicho moja. Bwana Dhahiri alisimama akaeleza mashtaka kwa ufasaha. Hoja yake ilikuwa fupi, na Sikudhani aliiheshimu kwa sababu ilikuwa hoja ya kweli. Alisema neno likitumika mahali pawili, ama lina maana ileile, kama tunapomwita sato samaki na nguru samaki, ama lina maana mbili zisizohusiana, kama paa la nyumba na paa wa porini. Fundi Somoe anasema Mungu ni mwema lakini si kwa wema wetu. Basi wema wa Mungu na wetu ni paa na paa. Akisema Mungu ni mwema, hajasema kitu. Angeweza pia kusema Mungu ni mwizi wa ndizi. Na nchi hii, alisema akionyesha upande wa soko, inajua maneno ya namna hiyo yanazaa nini.

Hakimu akamwita mgeni. Bwana Dhahiri alitabasamu na kumsogezea kiti.

Sikudhani hakukaa. Sauti yake ilianza ndogo, ile ya darasani. Alisema Bwana Msajili ametaja njia mbili, na zote mbili zipo, lakini kuna ya tatu, na watu wa Bayana wanaipita kila siku. Akaomba glasi ya maji iliyokuwa mezani kwa karani, akauliza kama maji yale ni salama. Karani akasema ni salama. Akauliza kama karani mwenyewe yu salama. Akasema ndiyo. Akauliza kama barua ya mwisho aliyopata kutoka kwa nduguye ilikuwa ya salama. Karani, akimwangalia Msajili kwa wasiwasi, akasema ndiyo.

Maana zile tatu, Sikudhani alisema, si moja. Maji hayana mwili wa kuugua. Barua haipati homa. Wala si paa na paa, kwa sababu zinahusiana: usalama uko kwanza katika mtu aliye mzima, maji yanaitwa salama kwa kuwa yanauleta, barua inaitwa ya salama kwa kuwa inauonyesha. Hiyo ni njia ya mlingano. Neno moja linatembea kutoka kitu hadi kitu, halibaki lilelile, wala halipotei.

Bwana Dhahiri aliinuka haraka. Kama ni hivyo, alisema, basi Mungu kuwa mwema maana yake ni kwamba analeta mema, kama maji. Daftari linaweza kulisajili hilo kesho.

Hapa ndipo Sikudhani alipoona kwamba darasani alikuwa akipita haraka. Akasema haitoshi. Mungu ameumba mawe pia, wala hatusemi Mungu ni jiwe kwa maana hiyo. Fundi Somoe hakusema tu kwamba Mungu analeta wema. Amesema Mungu ni mwema. Akatoa mfano mwingine. Punda wa Bwana Msajili, ambaye mji mzima ulimjua, hurudi nyumbani peke yake kila jioni, na watu humwita mwaminifu. Mke wa mtu huitwa mwaminifu. Uaminifu wa punda ni wa kipunda, unalingana na alivyo punda. Wa mtu ni wa kimtu, una ahadi ndani yake, na kujua, na kuweza kuvunja. Kila mmoja ni mwaminifu kwa kadiri ya alivyo. Hatumdanganyi mtu tukisema punda ni mwaminifu, ingawa punda hawezi kula kiapo. Vivyo hivyo tukisema Mungu ni mwema, tunasema ni mwema kwa kadiri ya alivyo Mungu.

Hakimu akafumbua jicho. "Mwalimu, punda namjua na mtu namjua, ndiyo maana mlingano wako unafanya kazi. Huyu wa tatu simjui alivyo. Sasa wema wake ni kiasi gani?"

Lilikuwa swali ambalo mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza, miaka mingi nyuma, na Sikudhani alikuwa amemwambia litakuja muhula ujao.

"Sijui, Mheshimiwa. Na mlingano haukuletwa ili nijue. Mlingano unaniruhusu kusema, haunipi futi ya kupimia."

Akaendelea kwamba katika neno mwema kuna mambo mawili, kinachosemwa na namna ya kukisema. Kinachosemwa, wema wenyewe, kiko katika Mungu kwanza na kwa ukamilifu. Sisi ndio tumepokea kidogo, kwa hiyo wema wa Daftari ndio nakala, si asili. Lakini namna tunavyokisema ni ya kwetu. Kwetu wema ni kitu tunachokuwa nacho kama shati, leo tumevaa, kesho tumevua. Lugha yetu haijui kusema wema kwa namna nyingine. Mungu havai wema. Kwa hiyo neno ni la kweli, na namna yake ni pungufu, na mwenye kuchukua neno pamoja na namna yake, akapiga mhuri juu ya maiti ya binti wa mtu, amechukua kisichokuwa chake.

Alisikia watu wakigunaguna nyuma yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema sentensi iliyomfanya mtu agune.

Bwana Dhahiri alibadilisha uso. Akasema hata kama wema unatembea, mwamba hautembei. Mwamba ni jiwe kubwa. Je, Mungu ni jiwe kubwa?

Si jiwe, Sikudhani akajibu, na hapo ndipo mwamba unapotofautiana na wema. Ndani ya neno wema hakuna kinacholazimisha mwili wala mpaka. Ndani ya neno mwamba kuna uzito, kuna mahali, kuna kuvunjika. Kwa maana yake ya kwanza mwamba ni wa duniani kabisa, na tukimtaja Mungu kwa neno hilo tunajua wakati huohuo kwamba si hilo. Hiyo ni lugha ya ishara. Mwenye kusema Mungu ni mwamba anaweza kukubali mara moja kwamba Mungu si mwamba, wala hajajipinga.

Bwana Dhahiri akasema basi ni pambo, na pambo linaweza kubadilishwa. Badala ya mwamba fundi aseme imara, neno ambalo limesajiliwa, na shtaka hilo litafutwa.

Sikudhani akageukia bendera ya Bayana iliyotundikwa nyuma ya Hakimu, nyeupe yenye mstari mmoja mweusi. Aliuliza kama ni kitambaa. Msajili akasema ni kitambaa. Aliuliza kama angeruhusiwa kuitumia kukausha maji yakimwagika mezani. Watu wawili wa ulinzi walisogea hatua moja. Sikudhani akasema mshale wa barabarani ukichakaa, mnachora mwingine wa rangi nyingine, hakuna anayelia, kwa sababu mshale ni alama tu, mmekubaliana juu yake. Bendera mnaifia. Inashiriki kitu inachokionyesha. Ishara ya kweli haitungwi ofisini. Inazaliwa mahali, watu wakiishi nayo, na siku maisha hayo yakiisha nayo inakufa. Mwamba wa Fundi Somoe ulizaliwa katikati ya mafuriko. Ukimpa imara badala yake, umempa neno ambalo halijawahi kumshika mtu.

Ikabaki shtaka la tatu, na Bwana Dhahiri alikuwa amelihifadhi kwa sababu lilikuwa zito zaidi. Fundi amesema Mungu hakai. Kwanza ameikana sala. Pili, alisema, mtu huanza hivi: Mungu hakai, Mungu hana mkono, wema wake si wema huu. Ukikata hiki na kile, mwisho utabaki na nini? Mtu anayesema Mungu si chochote tunachokijua ana tofauti gani na anayesema hakuna Mungu?

Sikudhani alifungua kinywa, na Fundi Somoe akainua mkono wake kizimbani. Akasema hilo ni la kwake. Hakimu akamruhusu.

Somoe hakujua maneno ya darasani. Alisema yeye ni seremala, na alichosema ni hiki. Wakubwa waliposikia Mungu hakai, waliuliza kama basi amesimama. Hakusema amesimama. Ukuta huu si kipofu, kwa kuwa kipofu ni yule ambaye angepaswa kuona. Wala ukuta hauoni. Ukiuliza kati ya hayo mawili ukuta ni upi, kosa liko katika swali lako. Mungu hakai wala hasimami. Si kwamba amekosa magoti kama ukuta ulivyokosa macho. Ukuta uko chini ya hilo neno, na Mungu yuko juu yake, hilo ndilo alilotaka kusema, na hata juu ni neno la mtu wa ngazi.

"Na hilo la kuwa sina tofauti na anayesema hakuna Mungu," alisema, "Bwana Msajili, mimi nikipima ubao mrefu, futi yangu ikaishia katikati, sisemi ubao haupo. Nasema futi imeisha. Nimemtoa Mungu katika kiti chenu. Sikumtoa mahali ninapolia."

Hakimu alimuuliza kama yuko tayari kukana pia kwamba Mungu ni mwamba. Somoe akasema ndiyo, tena anafanya hivyo kila siku. Anasema mwamba wangu, halafu anakumbuka kwamba mwamba ule wa utotoni ulikuwa baridi na haukumjua, basi anasema, si mwamba. Halafu anaona kwamba kusema si mwamba na kunyamaza hapo kungekuwa kama kusema Mungu ni laini, basi hilo nalo analiacha. Baada ya hapo ananyamaza. Lakini hauwi ukimya wa mtu asiye na la kusema. Ni ukimya wa mtu aliyesema mpaka maneno yakamwishia.

Sikudhani alipata kuongeza jambo moja tu, kwa sababu aliona watu wengine hawajaelewa jinsi kukana kunavyoweza kubeba maana. Akawakumbusha kwamba kila asubuhi wanaulizwa hujambo, nao wanasema sijambo. Hawajasema walicho nacho. Wamekana tu kwamba wana jambo, na aliyeuliza akaenda zake ameridhika. Bayana nzima, alisema, inaamka kwa kukana.

Hapo Bwana Dhahiri alifunga Daftari. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Sikudhani. Alisema kwa upole kwamba mgeni na fundi wamesema mengi yanayopendeza, na watu saba wamelala karibu na soko. Nchi ikiruhusu neno moja kutembea, yatatembea yote. Akapendekeza njia ya huruma. Fundi Somoe aseme mara moja, kwa maana ya Daftari, Mungu ni mwema, na arudi kumaliza kiti. Hatadaiwa kitu kingine chochote.

Kila mtu alimtazama yule mama. Ilikuwa sentensi ya maneno matatu, tena aliiamini. Angeweza kuisema na kuweka maana yake moyoni, na hakuna ambaye angejua.

"Mungu ni mwema," alisema Fundi Somoe. "Kwa maana ya Daftari, si mwema. Kwa maana ya Daftari, aliyemuua mwanangu kwa wakati wake alinipa kinachonistahili. Huyo simwabudu, na kama ndiye atakayekikalia kile kiti, kimalizeni ninyi."

Hakimu Mizani aliandika hukumu mwenyewe, polepole, bila kumwachia karani. Kisha akaisoma. Fundi Somoe asijibiwe na mtu yeyote, maisha yake yote. Bwana Dhahiri alisogea akamnong'oneza kitu, na Hakimu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ameandika neno la sheria kama lilivyo, wala hataongeza lingine. Mgeni naye alipewa mpaka jioni kuondoka.

Ilimbidi Sikudhani kutia saini kitabu cha wageni ofisini, chini ya maneno yaliyochapwa: katika nchi ya Bayana nimesema maneno yenye maana moja. Alisoma, akarudisha kalamu. Karani akamweleza kwamba bila saini jina lake halitaandikwa, na hataruhusiwa kurudi. Sikudhani akamwambia aandike hivyo.

Alielekea karakana ya Fundi Somoe kuaga. Njiani alimwona akitembea mbele, anasalimia watu mmoja mmoja kwa majina yao, na kila mmoja anatazama pembeni. Wengine walikuwa wanalia. Sikudhani aliharakisha ili amfikie, amjibu, liwe liwalo, lakini kabla hajafika jirani mmoja, Bi Saburi, mwanamke aliyewahi kuzika watoto wawili na kupewa mihuri miwili, alitoka mlangoni kwake na kusimama katikati ya njia.

Hakumjibu salamu. Alimuuliza swali.

"Fundi, siku ile ya Tatu, uliwezaje kuomba?"

Somoe alisimama. Watu walisimama. Mtu alikimbia kumwita Msajili, naye akaja na sheria mkononi, akaifungua pale pale juani, akasoma, akarudia kusoma. Kila neno lina maana moja, na maana hiyo imeandikwa. Kujibu ni kusema neno baada ya kuulizwa au kusalimiwa. Kuuliza ni kuomba kuambiwa usichokijua. Sheria ilikuwa imekataza la kwanza. Juu ya la pili haikusema kitu. Bwana Dhahiri, ambaye maisha yake yote hakuwahi kulivuta neno nje ya maana yake, alisimama na kitabu chake wazi, na hakulivuta hata sasa.

Sikudhani aliondoka kabla ya jioni kama alivyoamriwa. Alipogeuka mara ya mwisho, mlango wa karakana ulikuwa wazi, watu wameketi juu ya mbao na juu ya vumbi la randa mpaka nje barabarani, na mzee mfinyanzi alikuwa amenyoosha mkono, akingoja zamu yake ya kuuliza.